Siku moja kazini: mchwa waliopanda hadi kwenye kenchi

Saa 1 asubuhi. Nyumba ya leo iko pembezoni mwa Dodoma, mita 9 kwa 12, tofali za saruji, kenchi za paini, na sebule yenye sakafu ya mbao. Mama mwenye nyumba ameshatuonyesha dari: kwenye kona ya chumba cha watoto kuna doa la udongo mwekundu, na chini yake sakafuni punje zimedondoka. Kabla hata ya kushusha vifaa, tunaziokota hizo punje na kuzisugua kiganjani. Zikivunjika na kuwa vumbi la udongo, ni mchwa wa ardhini. Zingekuwa ngumu, safi, za rangi ya mbao na zenye pande 6 kama mbegu ndogo, tungekuwa na mchwa wa mbao kavu, wale wanaosumbua sana Pwani. Hao hawashuki ardhini kutafuta maji, kwa hiyo kumwaga dawa kwenye udongo kwa ajili yao ni kumwaga pesa. Na zingekuwa unga laini kama wa sembe, hao ni bungua. Hizi zimesagika. Ni udongo.

Saa 2. Tochi na bisibisi. Mchwa wa ardhini hawezi kukaa hewani, atakauka, kwa hiyo popote anapopita hujijengea kijia cha udongo chenye upana wa penseli. Kukifuata kijia ndiyo kazi yenyewe. Kutoka doa la dari tunapanda darini: kijia kinatambaa juu ya rinta hadi kwenye mbao inayobeba kenchi. Tukiigonga kwa mpini wa bisibisi inaitika kama debe tupu, na ncha inazama sentimita 2 bila kusukumwa. Kenchi mbili za jirani zinalia vizuri, mlio mzito.

Kuelekea chini kijia kinapotea ndani ya fremu ya mlango. Hapo ndipo penye kosa. Fremu ilizamishwa kwenye jamvi la zege la sakafu, miguu yake imepita zege na kugusa kifusi. Kwa nje rangi inang'aa. Ukibonyeza kwa kidole inaingia, maana ndani kumebaki utando wa rangi tu. Kwenye sebule, mbao za sakafu bado nzima, lakini pembeni pa ukuta kuna mabawa makavu ya kumbikumbi yaliyojikusanya chini ya dirisha. Mabawa ndani ya nyumba huku madirisha yalikuwa yamefungwa maana yake wametokea humuhumu.

Kabla ya kutoka tunabomoa kipande cha kijia, sentimita 4 hivi, na kuweka alama ya chaki. Tutarudi jioni.

Saa 3. Nje. Bustani ya maua imepandishwa udongo hadi umefunika msingi wote upande wa mashariki. Mchwa akipanda hapo hakuna atakayemwona. Tunauondoa mpaka sentimita 15 za msingi zionekane, na chini yake tunakuta vipande vya mbao za kufungia zege, vilivyofukiwa tangu ujenzi. Hicho ndicho chakula kilichowaita. Vyote vinatolewa.

Kisha mtaro: upana sentimita 15, kina 30, ukigusana na msingi. Mzunguko wa nyumba ni mita 42, ila mita 6 ni baraza la zege, kwa hiyo tunachimba 36. Jana jioni tuliomba mstari huo umwagiwe maji kidogo. Udongo mkavu kupindukia una nyufa, na dawa hukimbilia humo badala ya kusambaa. Uliojaa maji nao hauinyonyi. Unaofaa ni ule ukiubana mkononi unashikana bila kudondosha tone.

Saa 5. Kuchanganya. Dawa yetu leo ni imidaklopridi ya gramu 200 kwa lita, na lebo inataka asilimia 0.05, yaani gramu nusu kwa kila lita ya maji. Hiyo ni mililita 2.5 kwa lita, au mililita 250 kwa pipa la lita 100. Maji nusu kwanza, dawa, kisha maji mengine. Soma lebo ya chupa uliyonayo, maana chupa mbili za jina moja zaweza kuwa na nguvu tofauti. Glavu za mpira, barakoa, kuku wafungiwe. Bado kuna wanaouliza dieldrini ya zamani. Ilikuwa kali kweli, lakini ilipigwa marufuku chini ya Mkataba wa Stockholm wa 2001 kwa sababu haiozi na hujikusanya mwilini. Oili chafu nayo huharibu udongo, na mchwa huipita kwa kujenga kijia juu yake.

Kiasi ni lita 5 kwa kila mita ya mtaro wa kina cha sentimita 30. Mita 36 ni lita 180. Tunatumia keni ya kumwagilia, si bomba la mgongoni, kwani bomba linalowesha juu tu. Nusu inamwagwa chini ya mtaro, nusu inachanganywa na udongo unaporudishwa. Hapa ndipo mafundi wengi hukwama: wanalowesha mtaro, kisha wanarudisha udongo usio na dawa, na mchwa wanapita katikati ya huo udongo bila kugusa kitu.

Saa 7. Barazani hatuwezi kuchimba, tunatoboa. Drili ya milimita 12, sentimita 30 kutoka tundu hadi tundu, sentimita 10 kutoka ukutani: matundu 20, lita moja na nusu kila moja. Ndani, kando ya ukuta wenye fremu, matundu 13 mengine. Kwanza ulizia mabomba ya maji na nyaya zinapopita. Tundu likikataa kumeza dawa, sogea kidogo. Likimeza bila kikomo, simama, kuna shimo chini au bomba limetobolewa. Baadaye yanazibwa kwa saruji. Jumla ya leo ni kama lita 230, dawa yenyewe mililita 575.

Saa 9. Fremu. Miguu inakatwa sentimita 10 juu ya sakafu, udongo unasafishwa, na zege linamwagwa mahali pake ili mbao ikae juu ya zege. Mbao mpya ya juu ya ukuta, ya kubeba kenchi badala ya ile iliyoliwa, ni ya kupigwa dawa kiwandani, lakini ncha tulizokata zinapakwa dawa tena kwa brashi, kwa sababu msumeno umefungua moyo wa mbao ambao dawa haikuufikia.

Nyumba ingekuwa mpya, tungeweka pia bati la kinga juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza, kingo zikitokeza sentimita 5 na kukunjwa kuelekea chini. Bati haliui. Linamlazimisha mchwa azunguke nje, kwenye mwanga, ambako kijia chake kitaonekana. Tundu moja la msumari linatosha kuliharibia kazi.

Saa 11 jioni. Kwenye alama ya chaki, pengo limeshazibwa kwa udongo mbichi, bado unyevu.

"Fundi, si mmeshamwaga dawa?" anauliza mama.

Tumemwaga, mama, ila dawa hii haiwafukuzi. Wanaipita bila kuihisi, wanaibeba mwilini na kuambukizana. Waliobaki juu watachukua siku kadhaa. Kijia kisivunjwe tena mpaka turudi baada ya wiki 2. Siku hiyo tutabomoa sentimita 4 nyingine na kungoja mpaka kesho yake tuone kama kutazibwa.