Nilivyopanga vyumba 101 vitano kwenye hifadhidata moja

Kazi niliyopewa ilikuwa kubuni hifadhidata ya chuo: majengo, vyumba vya mihadhara, na nafasi ambazo walimu huziweka kwenye vyumba hivyo. Majengo yalikuwa matano, na kila moja lilikuwa na chumba 101. Ukimwambia mtu "tukutane 101", swali la kwanza atakalokuuliza ni jengo gani. Swali hilo ndilo lililonipa ramani ya kazi nzima.

Jengo lina kodi yake ya utambulisho, kama vile MAK, na kodi hiyo hailirejelei jengo jingine lolote. Huluki ni kitu ambacho hifadhidata hutunza habari zake, na jengo, kwa kuwa hujitambulisha lenyewe, ni huluki yenye nguvu. Chumba hakina kitu cha namna hiyo. Ukikusanya sifa zake zote, namba, idadi ya viti na aina, bado utapata vyumba viwili vinavyofanana kabisa katika majengo mawili tofauti. Chumba hutambulika kwa kuazima ufunguo wa jengo lake, yaani ile kodi, na ndiyo maana kinaitwa huluki dhaifu. Uhusiano unaokiazima ufunguo huo, "chumba kimo ndani ya jengo", ni uhusiano tambulishi.

Katika mchoro wa huluki na uhusiano wa Peter Chen, aliyeutangaza muundo huu mwaka 1976, huluki dhaifu huchorwa kwa mstatili wa mistari miwili. Kwa mtindo unaofundishwa leo, uhusiano tambulishi nao hupewa almasi ya mistari miwili, na namba ya chumba hupigiwa mstari wa vipandevipande chini yake, kwa sababu ni ufunguo nusu: hupambanua vyumba vya jengo moja tu, si vya chuo kizima. Nilipofika kwenye jedwali, ufunguo mkuu, ule unaotambulisha kila rekodi, ukawa wa safuwima mbili:

```sql
CREATE TABLE chumba (
  jengo_kodi CHAR(3),
  namba      VARCHAR(5),
  viti       INT,
  PRIMARY KEY (jengo_kodi, namba),
  FOREIGN KEY (jengo_kodi)
    REFERENCES jengo (kodi)
    ON DELETE CASCADE
);
```

Tazama `jengo_kodi`: ni ufunguo wa kigeni, yaani unaorejelea jedwali jingine, na papo hapo ni sehemu ya ufunguo mkuu. Mara nyingi hiyo ndiyo alama ya huluki dhaifu ukiikuta kwenye jedwali bila mchoro.

Palipohitaji kufikiri zaidi ni kwenye nafasi zinazowekwa. Haiwezekani kuweka nafasi bila chumba, kwa hiyo wengi huharakisha kusema nayo ni dhaifu. Mimi siioni hivyo. Kila nafasi ilikuwa na namba yake ya kumbukumbu, isiyojirudia popote chuoni. Inategemea chumba ili iwepo, lakini haikitegemei ili ijulikane. Kwa hiyo niliiacha na nguvu zake, nikaweka mistari miwili upande wake wa uhusiano kuonyesha kwamba lazima iwe na chumba, na almasi ikabaki ya kawaida. Ufunguo wake wa kigeni ulibeba safuwima zote mbili kwa pamoja, `(jengo_kodi, chumba_namba)`. Namba peke yake isingeweza kurejelea chochote, maana 101 ziko tano.

Kwa projekta nilitumia kipimo ninachokiamini kuliko vingine: je, kitu hiki kinaweza kuhamia kwa mwenyewe mwingine na kikabaki kilekile? Projekta hubebwa kutoka chumba hadi chumba na namba yake ya kiwandani haibadiliki, hivyo ina nguvu. Chumba 101 cha MAK hakiwezi kuhamia jengo jingine kikaendelea kuwa chumba kilekile.

Ufutaji nao unataka uangalifu. `ON DELETE CASCADE` maana yake ukifuta jengo, vyumba vyake vinafutika nalo, na hiyo ni sawa kwa huluki dhaifu. Lakini kati ya nafasi na chumba niliweka `ON DELETE RESTRICT`, inayokataa kufuta chumba chenye nafasi, kwa sababu rekodi za nani alitumia chumba gani hazistahili kupotea kimyakimya. Nilijaribu kufuta jengo lenye nafasi zilizowekwa, na mfumo ukakataa kulifuta jengo lenyewe, kama nilivyotaka.

Mwenzangu wa upande wa programu alipendelea kila jedwali liwe na safuwima moja ya `id`, kwani funguo ndefu humsumbua katika kuandika maswali ya hifadhidata. Nilikubali, kwa sharti moja, kwamba jozi ya jengo na namba isijirudie:

```sql
UNIQUE (jengo_kodi, namba)
```

Bila mstari huo, hifadhidata ingepokea vyumba viwili vya MAK 101 vyenye `id` tofauti, na nafasi zingegawanyika kati yake: walimu wawili, saa moja, mlango mmoja, na mfumo usione mgongano wowote. Pia `jengo_kodi` na `namba` lazima ziwe `NOT NULL`, kwa sababu zimeshatoka kwenye ufunguo mkuu ambao ungezizuia zisiachwe tupu.