Mama wa kitenge cha njano na wakili aliyekuwa mimi

Yule mama alifika ofisini saa mbili kasoro asubuhi, mimi hata dirisha sijafungua. Ilikuwa mwaka 2022, nina miaka mitatu tu ya uwakili, ofisi yetu iko Mwanza na mama alikuwa katoka Shinyanga na basi la alfajiri. Kavaa kitenge cha njano, mkononi ana mfuko wa rambo. Akasimama mlangoni akanitazama usoni, akatazama simu yake, akanitazama tena.

"Mwanangu, wewe ndo wakili?"

"Ndiyo mama, shikamoo, karibu."

Hakuitika shikamoo. Akasema, "Sasa mbona tangu juzi hunijibu?"

Nikajua kachanganya ofisi, inatokea sana, watu wanaona bango lolote la wakili wanaingia. Ila akanipa simu. Pale kwenye kioo nilikuwepo mimi, na joho langu na ile kola nyeupe, picha niliyopigwa siku ya kuapishwa pale Karimjee Dar, na juu yake jina langu lote, yani majina matatu kama yalivyo kwenye cheti, limetanguliwa na neno Wakili. Halafu chini: tunashughulikia dhamana, mirathi, talaka, mikoa yote, njoo inboksi. Mimi sijawahi kuandika "njoo inboksi" maishani mwangu.

Kisa chake kilikuwa hivi. Kijana wake wa bodaboda alishikwa huku Mwanza kwa ugomvi wa pikipiki, yuko mahabusu. Mpwa wake akatafuta wakili Facebook, akanipata "mimi". "Mimi" nikamwambia atume laki na ishirini ya dhamana, halafu elfu sitini ya kufungua faili. Akatuma zote. Baada ya hapo kimya. Ni kwamba dhamana ya polisi haina malipo hata shilingi, unahitaji wadhamini na barua zao za serikali ya mtaa basi, lakini mama wa watu angejuaje, na tapeli aliijua hiyo hofu vizuri kuliko mimi.

Nikamuuliza, ulipotuma ilikuja jina gani? Akafungua meseji ya muamala, jina la mwanaume, halifanani na langu hata herufi moja. "Nilimuuliza, akasema huyo ni karani wake." Na kweli mawakili tuna makarani, kwa hiyo uongo ulikaa sawasawa kabisa.

Sasa hapa ndo nilipoharibu na naandika nisivyopenda kuandika. Badala ya kutulia nikapandwa na hasira. Nikafungua Facebook yangu, nikaitafuta ile akaunti, nikakomenti pale pale MWIZI WEWE NITAKUFUNGA. Halafu nikaenda kwenye grupu la wasapu la mawakili wa kanda nikarusha linki, "wasomi naombeni mumripoti huyu wote." Wasomi wakaitika, kila mtu anaandika tayari, tayari, tayari, kama watu thelathini na kitu. Nikajiona nimemaliza kazi.

Baada ya robo saa nikitafuta ile akaunti haipo. Nikafurahi nikamwambia mama imefutwa. Mama akashika simu yake akasema mbona mimi naiona. Kumbe kaniblok. Na jina kashabadilisha, katoa Wakili kaweka Adv, na posti za dhamana kazifuta. Komenti yangu ilikuwa ni kumpigia honi mwizi kabla hujamfikia.

Aliyeniokoa ni mdogo wangu wa kiume, anafundisha kompyuta sekondari, nikampigia nikiwa nakaribia kulia. Cha kwanza akauliza, "Dada, una skrinshoti?" Sina. "Una linki?" Ninayo, ile niliyorusha kwenye grupu. Akaniambia nimsomee, ilikuwa na maneno haya mwishoni, nayaweka kama yalivyo:

```
facebook.com/profile.php?id=
```

halafu tarakimu nyingi. Akapumua. Akasema jina anaweza kubadilisha mara ngapi sijui, picha anaweza kutoa, lakini hiyo namba ya baada ya alama ya sawasawa ni ya akaunti yenyewe, haibadiliki kwa kubadilisha jina. Andika kwenye karatasi. Nikaandika nyuma ya jalada la kesi ya mtu, Mungu anisamehe.

Akasema tena, mwambie mama asimguse tapeli. Alimaanisha mama asimblok, asifute mazungumzo, asimtukane, kwa sababu simu ya yule mama ndo ilikuwa ushahidi peke yake uliobaki. Tukakaa mimi na mama kwenye benchi tunapiga skrinshoti moja moja, ukurasa wa profaili ukionyesha picha na jina jipya, mazungumzo kuanzia salamu ya kwanza mpaka mwisho, tarehe zikionekana, halafu zile meseji mbili za miamala zenye namba za kumbukumbu. Nikachapa zote. Na ni vizuri tulifanya hivyo kabla, maana akaunti ikishatolewa Facebook na ukurasa wake unaondoka, ukienda polisi mikono mitupu unasimulia hadithi tu.

Ndipo mdogo wangu akaniuliza wale wasomi waliripoti kama nini. Nikapita kwenye grupu nauliza. Mmoja kasema spamu, mwingine kasema akaunti feki, mwingine kachagua matusi, mmoja (ni rafiki yangu huyo) alikuwa hajaripoti kabisa aliandika tayari ili asionekane mbaya. Mdogo wangu akanieleza kwamba wingi wa ripoti sio kura, watu mia wakiripoti spamu akaunti isiyotuma spamu, Facebook wanaangalia wanaona hakuna spamu, basi. Kosa la huyu lilikuwa moja, kujifanya mtu, na hilo lina njia yake. Wakati ule ulikuwa unaenda kwenye profaili yenyewe, vidoti vitatu, ripoti, unachagua `Pretending to be someone`, halafu inakuuliza anajifanya nani, unachagua `Me` kama ni wewe mwenyewe, au `A friend` kama unamripotia mwenzio na hapo unamtaja ni nani.

Mimi kwa kuwa nimeblokiwa siwezi kufika kwenye profaili. Njia ya pili ni fomu iliyoko kwenye kituo chao cha msaada, ya kuripoti akaunti ya mtu anayejifanya wewe, hii unaijaza hata kama huna akaunti kabisa. Inataka linki ya akaunti feki, na inataka picha ya kitambulisho chako. Na hapa nikagundua kitu cha kuchekesha kama si cha kuliza. Akaunti yangu halisi ilikuwa na jina la utani la chuo na picha ya maua. Yani ukituweka mimi na tapeli pembeni kwa pembeni, anayefanana na mimi ni yeye! Bila kitambulisho nani angejua nani feki. Nikapiga picha kitambulisho cha taifa juani ili kisimeremete, kona zote nne zionekane, nikajaza fomu kwa maneno machache, kwamba jina na picha ni vyangu, anachukua pesa za watu kwa jina langu. Akaunti ikatolewa siku ya tatu. Jina la utani nililibadilisha jioni ile ile.

Katikati ya hizo siku tatu ndo kulikuwa na kazi yenyewe. Wakili kwetu haruhusiwi kujitangaza kutafuta wateja kama muuza sabuni, na huyu alikuwa anatangaza kwa jina langu mikoa yote. Mtu mmoja tu akipeleka malalamiko Kamati ya Mawakili, mimi ndo naanza kujieleza. Bosi wangu, mzee mmoja mpole sana, akasema, "Msomi, usisubiri kuulizwa." Kwa hiyo nikaenda kituoni na mama, tukafungua taarifa, kila mmoja ya kwake, mimi kwa kuigizwa na yeye kwa kutapeliwa, nikataja kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, tukapewa namba za RB. Halafu nikaandika barua kwa chama chetu cha mawakili, kurasa moja na nusu, ambatanisho ni zile skrinshoti, RB, na ile namba ya akaunti. Barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nakala nikarudi nayo. Ile nakala yenye tarehe ndo kinga, kwamba nilisema kabla hajasema mtu.

Namba ya simu ya tapeli tukaituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli, na mama akapiga huduma kwa wateja ya mtandao wake akataja namba za miamala. Pesa ilishatolewa tangu siku aliyotuma. Angepiga dakika zile zile labda ingekutwa bado imo kwenye laini, siku mbili ni nyingi sana.

Tangazo kwa wateja niliandika mara nne. La kwanza lilisema "akaunti yangu imedukuliwa", mzee akalikata kwa kalamu nyekundu. Akasema umedukuliwa? Hapana, nimeigizwa. Ukisema umedukuliwa mteja anaona mtu kasoma siri zake za talaka. Pia akanikataza kuweka linki ya feki, utampelekea wateja. Lililotoka lilikuwa hivi: "Kuna akaunti ya Facebook inayotumia jina na picha yangu kuomba pesa. Sio yangu. Akaunti yangu haijadukuliwa na taarifa za wateja ziko salama. Sipokei ada kwa namba ya mtu binafsi. Kama umetuma pesa, usifute mazungumzo, piga simu ya ofisi." Na kwamba wakili yeyote anaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili. Siku mbili hizo wakapiga watu wawili wengine, mmoja alikuwa ndo anajiandaa kutuma.

Akaunti ya pili ilizuka baada ya kama wiki tatu, jina langu limekosewa herufi moja, picha ile ile. Safari hii sikukomenti. Skrinshoti, namba, fomu, mpaka kesho yake mchana imeondoka. Orodha ya marafiki zangu nikaifunga ionekane kwangu mimi tu, kwa sababu alikuwa anaanzia humo kuwatumia watu maombi ya urafiki.

Kijana wa yule mama alitoka kwa dhamana wiki ile ile, ila kesi ikaenda mahakamani na mama akaniomba niisimamie. Nikamtumia namba ya malipo ya ofisi. Dakika tano nyingi, simu ya mezani ikalia.

"Mwanangu, kabla sijatuma. Siku ile nilikuja nimevaa nini?"

"Kitenge cha njano mama."

"Na mkononi?"

"Mfuko wa rambo."

Akanyamaza kidogo. "Rangi gani?"

Nikashindwa. Akacheka, akasema basi atapanda basi aje ailete mwenyewe mkononi na apewe risiti.