Uvundo wa usiku katika kituo cha kuhamishia taka: jinsi tulivyoutafuta chanzo chake

Nilipokabidhiwa usimamizi wa kituo cha kuhamishia taka, mahali ambapo malori ya mitaani humwaga taka ili zipakiwe kwenye matela makubwa ya kwenda dampo, malalamiko ya majirani yalikuwa yamekwisha kuwa mengi, na dawa iliyozoeleka ilikuwa kupulizia manukato juu ya lundo. Majirani walisema kwamba sasa wananusa vitu viwili badala ya kimoja, na walikuwa na haki, kwa sababu manukato hayaiondoi gesi inayonuka bali huongeza harufu nyingine juu yake. Niliona kwamba kabla ya kununua kitu chochote ni lazima tujue uvundo unatoka wapi hasa, na unatoka saa ngapi.

Tulianza na daftari. Kila jirani alipopiga simu tuliandika saa, nyumba iko upande gani, upepo unaelekea wapi, kazi gani ilikuwa ikiendelea kituoni, na harufu yenyewe inafanana na nini. Swali hili la mwisho lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana. Harufu ya uchachu, kama ya chakula kilicholala, hutoka kwenye taka mbichi zilizoanza kuchacha. Ukali unaowasha macho na pua mara nyingi ni amonia. Harufu ya mayai viza ni hidrojeni salfaidi, gesi inayotengenezwa na bakteria mahali ambapo majimaji ya taka yametuama bila oksijeni.

Daftari lilipojaa kiasi cha kusomeka, lilituonyesha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: saa za mchana, wakati kituo kinapokuwa na shughuli nyingi kuliko wakati wowote, simu zilikuwa chache; nyingi zilipigwa baada ya giza kuingia na alfajiri, na waliopiga walikuwa hasa wa nyumba za bondeni, wakitaja mayai viza. Sababu iko hewani. Mchana jua huipasha ardhi joto, hewa hupanda na kuchanganyika, na harufu hutawanyika. Usiku usio na upepo hewa iliyo karibu na ardhi hupoa, huwa nzito, na huteremka polepole kufuata mteremko ikiwa imebeba kila ilichokikuta. Kwa hiyo kinachowasumbua majirani zaidi ni kile kinachobaki kituoni baada ya kazi kwisha, hata kama ni kidogo.

Tukafanya jaribio. Kwa jioni kadhaa mfululizo tulihakikisha sakafu imebaki tupu na tela la mwisho limeondoka, lakini simu za mayai viza ziliendelea. Hapo lundo likawa limejitoa katika kesi. Asubuhi iliyofuata tulifunua vifuniko vya mfereji unaopeleka majimaji kwenye shimo la kukusanyia, na chini ya chuma tukakuta tope jeusi, laini kama grisi, likitoa viputo vidogo kila mti ulipolichoma. Mchanga na mabaki ya taka vilikuwa vimekula mteremko wa mfereji, hivyo majimaji hayakuwa yakitiririka, yalikuwa yamelala.

Kusafisha tope lile lilikuwa jambo la mara moja, lakini kulizuia lisirudi kulihitaji kubadilisha namna ya kuosha sakafu. Ilikuwa desturi kufungua mpira wa maji na kusukuma kila kitu mferejini. Sasa sakafu hukwanguliwa na kufagiwa ikiwa kavu kwanza, takataka zile hupakiwa kwenye tela, ndipo maji kidogo yenye msukumo mkubwa yanapotumika. Maji machache yana maana ya majimaji machache machafu ya kusafirisha na kutibu, na mchanga haufiki mferejini. Kabla ya shimo tuliweka kisanduku cha kunasa mchanga chenye wavu unaonyanyuliwa kwa mkono, nacho huondolewa uchafu kila siku.

Shimo lenyewe lilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, bomba lilikuwa likimwaga majimaji kutoka juu, na kila yanapoanguka na kuruka gesi iliyoyeyuka ndani yake hutoka. Tulirefusha bomba hadi mdomo wake ukawa chini ya usawa wa majimaji, kisha tukafunika shimo na kupitisha hewa yake kwenye sanduku la vipande vya mti na mboji iliyoiva, lenye kina cha takriban mita moja, ambamo vijidudu hula gesi hizo. Sanduku hilo ni lazima libaki na unyevu, kwani likikauka hupasuka na hewa hupenya kwenye nyufa bila kusafishwa. Ya pili, gari la kunyonya majitaka lilikuwa likija jioni, na kunyonya hukoroga shimo zima. Tulihamishia kazi hiyo adhuhuri, saa ambayo hewa inachanganyika vizuri, na mabadiliko hayo hayakutugharimu chochote.

Watu wengi hupendekeza chokaa. Chokaa huizuia kwa kiasi hidrojeni salfaidi isitoke, lakini ukiizidisha hufukuza amonia hewani, nasi tungekuwa tumewabadilishia majirani harufu tu. Jambo jingine ambalo silifanyii mzaha ni kwamba hakuna anayeingia shimoni kusafisha, kwa sababu hidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, na ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kuinusa kabla haijamuua mtu.

Mvua nayo ilihitaji hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo uwanja wa mita za mraba 600 usio na paa, ukinyeshewa milimita 20, huleta lita 12,000, na shimo la lita 10,000 litafurika hata kama lilikuwa tupu. Tulijenga tuta dogo la zege kuzunguka eneo linaloguswa na taka, na maji ya paa pamoja na ya uwanja safi tukayaelekeza kwenye mfereji wake wa peke yake.

Yalibaki malori. Alfajiri, mstari mweusi barabarani kutoka langoni ulionyesha wazi lori lipi lina mpira wa mlango wa nyuma uliochakaa au kizibo cha tangi la majimaji kilicholegea. Sasa kila lori humwaga majimaji yake juu ya mfereji kabla ya kutoka, na mlinzi hukagua kizibo. Matone yakionekana barabarani hufunikwa kwa maranda ya mbao na kuzolewa. Hayasukumwi kwa maji hadi kwenye mtaro wa mvua unaopita mbele ya nyumba za watu.

Kila jioni mtu mmoja hutembea nje ya uzio upande unakoelekea upepo, akianzia mbali na kituo, kwa kuwa pua iliyoshinda ndani haitambui tena. Simu za mayai viza zimepungua sana. Zile za uchachu bado huja tela linapoharibika na taka zikalala, nasi usiku huo hulifunika kwa turubai, hulisogeza upande ulio mbali na bonde juu ya sakafu yenye mfereji, na huwapigia simu majirani wa bondeni kuwaeleza litaondoka saa ngapi.