Siku moja maishani mwangu: fundi wa ukumbi wa mikutano

Saa 12:30 asubuhi nashuka kwenye bodaboda, begi la waya mgongoni. Leo hapa Dodoma kuna kikao cha watu 22 ukumbini na wengine 9 wanaoingia kwa Zoom kutoka Kigoma, Mtwara na Bukoba. Wengi hudhani kazi yangu ni kuchomeka waya kisha kukaa.

Saa 1 hadi saa 2:30: meza, vipaza sauti, mapazia, chai.

Saa 3 anaingia mama anayesimamia kikao. "Fundi, runinga ya nini tena? Projekta si inatosha?"

"Mama, mada ikifunguka ukutani, wale tisa watabanwa pembeni."

Hakukubali. Nikawasha kila kitu kwenye projekta, nikafungua mada. Ndugu wa Kigoma, aliyekuwa amejaa ukuta, akawa kama picha ya kitambulisho. Mama akatazama kimya, kisha akasema, "Haya, endelea."

Laptopu ya mwasilishaji nikaipa projekta. Yangu nikaiunga na runinga ya inchi 55, nikabonyeza Windows + P na kuchagua Extend, maana ukichagua Duplicate runinga inarudia tu kilicho kwenye laptopu. Kwenye Zoom nikawasha "Use dual monitors", dirisha la nyuso nikaliburuta hadi runingani. Mada inabaki kwenye laptopu, nyuso zinabaki kubwa. Kamera nikaiweka chini kidogo ya runinga, kwa sababu mtu humtazama anayezungumza naye. Ikiwekwa kando, wa Mtwara atashinda anaona masikio yetu.

Saa 4 kasoro robo, watu wameshakaa, runinga ikawa nyeusi. Ikarudi. Ikawa nyeusi tena. Vichwa vyote vikanigeukia, na mama akaniuliza mara tatu kama nilijaribu jana. Nilijaribu, lakini kwa waya mfupi. Waya ukikatika, kwa kawaida picha haiji kabisa. Huu ulikuwa unaleta na kupoteza, dalili ya kuzidiwa. Runinga ni ya 4K, laptopu ikaitambua na kutuma picha ya nukta 3840 × 2160 kupitia waya wa mita 15. Nikashusha hadi 1920 × 1080. Ikatulia. Nyuso hazikupungua ubora, kwani picha zenyewe zilikuwa zinafika kutoka mtandaoni zikiwa ndogo kuliko hapo.

Baada ya chakula cha mchana saa sizikumbuki vizuri. Miguu iliuma, nilisimama ukutani muda wote nikichunga ule waya usikanyagwe. Katikati ya mjadala mwenyekiti akanyamaza, akatazama runinga. "Mtwara, nimeona mkono wako. Karibu." Dada yule alikuwa hajafungua hata kipaza sauti.

Jioni nimekunja waya ule mrefu, nikaufunga kipande cha utepe mweupe na kuandika kwa kalamu: 1080 tu.