Kufunga steshenari Morogoro: vya kulipia kabla vilizima vyenyewe, intaneti ya bili ilitaka barua

Wadau habari zenu, mwaka huu nimefunga fremu yangu ya steshenari Morogoro tukahamia Dodoma kwa ajili ya kazi ya mume wangu, na nilichojifunza kwenye kufunga huduma za pale naona niandike maana watu wengi wanaamini ukizima mashine na kufunga mlango bili nazo zinaishia hapo. Si kweli kwa zote. Pale nilikuwa na umeme wa luku, king'amuzi kwa ajili ya wateja wanaosubiri, laini mbili za simu za kazi, na intaneti ya faiba ambayo ilikuwa ya kulipia baada, yani kampuni inakutumia ankara kila tarehe moja ya mwezi.

King'amuzi sikufanya chochote. Kifurushi kilipoisha sikuongeza, picha ikakata, basi. Hakuna aliyenipigia kunidai maana nilikuwa nimeshalipia kila siku niliyoangalia. Nikikitaka tena Dodoma nalipia kifurushi kinawaka, mwezi uliokaa katikati haudaiwi.

Sasa intaneti ndo ilikuwa kazi. Nilipoenda ofisini kwao kuuliza, kijana wa kaunta akaniambia "dada we usihangaike, acha tu kulipa itakatika yenyewe." Na ni kweli inakatika, ila kukatika huko sio kufungwa. Hapa ndo watu wanapopigwa. Usipolipa ankara, baada ya siku kadhaa mfumo unakusimamisha, taa ya rauta inageuka nyekundu, huna intaneti, lakini akaunti yako kwao bado ni hai. Na kwa mkataba kama wangu, akaunti ikiwa hai tarehe moja ikifika ankara nyingine inatoka, maana unachotozwa sio matumizi, unatozwa kwa sababu laini imetengwa kwa jina lako. Kwa hiyo mtu anafunga duka mwezi wa tatu akiamini imeisha, mwezi wa saba anapigiwa simu na wakusanya madeni anadaiwa miezi minne ya intaneti ambayo hakuitumia hata sekunde moja, na akisema "si mlishanikata" wanamwonyesha mkataba aliosaini.

Mie nikarudi nyumbani nikautoa mkataba nikausoma kile kipengele cha kusitisha, mstari kwa mstari. Vitu nilivyotafuta ni hivi: muda wa chini wa mkataba ni miezi mingapi na umeshaisha au bado, notisi ni siku ngapi, notisi inapelekwa kwa njia gani, na vifaa vya nani. Wangu ulikuwa wa miezi 12 ambayo ilishapita, baada ya hapo unaendelea mwezi kwa mwezi mpaka mmoja wetu aandike. Notisi siku 30 kwa maandishi. Rauta na kile kiboksi cha ukutani mali yao. Muda wa chini ungekuwa haujaisha hesabu ingekuwa nyingine kabisa, mikataba mingi inakutaka ulipe miezi iliyobaki au sehemu yake, na hapo inabidi ukae na kalamu uone kipi nafuu, kuvunja au kuomba wakuhamishie huduma unakohamia kama wana mtandao huko.

Nikaandika barua fupi tu. Jina la biashara, namba ya akaunti kama ilivyo kwenye ankara, sentensi moja inayosema nasitisha huduma kwa notisi ya siku 30 kuanzia tarehe ya kupokelewa, naomba ankara ya mwisho na uthibitisho wa kufungwa kwa akaunti. Nikapeleka nakala mbili tarehe 5 Machi, moja wakabaki nayo, nyingine wakanigongea muhuri wa kupokea wenye tarehe na saini. Siku hiyohiyo nikaituma pia kwa imeili ya huduma kwa wateja nikiambatanisha picha ya ile yenye muhuri. Kumpigia simu dada wa huduma kwa wateja akakwambia "sawa nimelirekodi" haitoshi, maana ikifika siku ya ubishi huna karatasi.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Mwezi ni shilingi 120,000 kodi zikiwa ndani. Notisi imepokelewa tarehe 5 Machi, siku 30 zinaishia tarehe 4 Aprili. Machi nilishailipa yote. Kwa hiyo Aprili nadaiwa siku 4 tu kati ya 30, 120,000 gawa kwa 30 ni 4,000 kwa siku, mara 4 ni 16,000. Nilikuwa na amana yao ya 100,000 niliyoweka siku ya kuungwa, wakikata 16,000 wanirudishie 84,000. Hii nikaiandika kabisa kwenye ile imeili ili isije ikawa kila mtu ana hesabu yake.

Na tarehe moja Aprili ikaja ankara ya 120,000 kamili! Sikushtuka sana kwa sababu mfumo wa bili unatoa ankara kwa kalenda, haujui habari za barua yako mpaka mtu wa hesabu aiingize kwa mkono. Watu wengi hapa hufanya moja kati ya mawili, wanalipa yote ili yaishe, au wanaipuuza. Ukilipa yote kuipata tena hiyo pesa ni safari, na ukipuuza inabaki kwenye mfumo kama deni lililochelewa. Nilichofanya nikajibu ankara ile kwa imeili, nikataja tarehe ya muhuri, nikaomba waipunguze ibaki ya siku 4. Ikachukua muda na kukumbushia, ila wakatoa hati ya kupunguza 104,000, ikabaki 16,000 kama nilivyopiga.

Rauta nilirudisha mwenyewe ofisini pamoja na adapta yake, nikapiga picha serial namba iliyo chini ya rauta, nikadai risiti ya makabidhiano yenye namba hiyohiyo. Msiwape vifaa mafundi wanaokuja na pikipiki bila karatasi, kwa sababu kifaa kisiporekodiwa kimerudi unatozwa bei yake kwenye ankara ya mwisho na akaunti haifungwi.

Baada ya hapo nikadai barua ya kusema akaunti imefungwa na salio ni sifuri. Hii ndo karatasi ya maana kuliko zote. Maana wiki kadhaa baadaye ikaniingia meseji ya kudaiwa, bila shaka orodha ya madeni ilitolewa kabla ya marekebisho. Nikawatumia ile barua kwa wasapu, yakaishia hapo. Amana ilirudi nayo kwa kuchelewa, ila ilirudi.

Sasa msije mkasema vya kulipia kabla ni kuacha tu kuongeza na kwaheri, navyo vina mikia yake. Luku kwa mfano. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia mita ya luku, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kuanzia 2023 ikawa 1,500, ghorofa inahesabiwa kwa kila sakafu. Umeme wenyewe usiponunua haudaiwi, ila kodi inaendelea kujikusanya kwenye ile mita. Mita ikikaa miezi mitano bila kununuliwa umeme, anayekuja kununua wa 10,000 zinaanza kukatwa 7,500 za kodi, inabaki 2,500 ndo itoe umeme pamoja na tozo zake. Mpangaji mpya anaona uniti chache anadhani mita mbovu. Na kodi hii kisheria ni ya mwenye jengo, kwa hiyo mpangaji akikatwa ni haki yake kutunza risiti za luku akamwonyesha mwenye nyumba wakapunguziana kwenye kodi ya pango. Mie nilipoondoka nilimwambia mzee mwenye fremu mapema kabisa, nikampa namba ya mita na risiti ya mwisho, tukaelewana kuwa kuanzia siku ile makato ni yake.

Laini za simu nazo. Laini ya kawaida usipoweka vocha haikudai kitu, isipokuwa kama ulikopa. Ile salio la kukopa au Songesha ukishaigusa, laini yako imeshakuwa ya kulipia baada hata kama hukusaini karatasi, na pesa ya kwanza kuingia inakatwa. Kwa hiyo kabla ya kuziacha nililipa kila mkopo, nikatoa pesa yote iliyokuwemo, nikaangalia kwenye menyu ya vifurushi kama kuna kinachojirudia chenyewe nikakizima. Halafu kubwa zaidi, laini isipotumika muda mrefu inafungwa na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Namba yangu moja ilikuwa imeungwa na benki na imeili ya biashara, nikaihamisha kwanza kote huko ndo nikaiacha. Ukipiga *106# unaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa, nashauri kila anayefunga biashara aangalie, mara nyingi kuna laini ya mfanyakazi aliyeondoka zamani bado iko kwa jina lako.

Kwa hiyo sasa hivi kabla sijakubali huduma yoyote namuuliza muuzaji jambo moja: malipo ya mwezi ujao yanaanzishwa na nani, mimi au ninyi? Kama ni mimi nabonyeza kila mara, hiyo ni ya kulipia kabla kweli. Kama ni kalenda yenu au kadi yangu ya benki mliyoihifadhi, basi naihesabu kama ya bili hata muiite jina gani, na nataka nione kipengele cha kusitisha kabla ya kuungwa. Kutoa pesa kwenye kadi ili washindwe kukata haifuti mkataba, inakufanya tu uwe mdaiwa.

Dodoma nimechukua intaneti ya rauta ya laini, nalipia siku 30. Ina hasara zake na sizifichi. Kasi haiifikii ile faiba, na siku ikiisha inakata palepale hata kama mteja ana faili la kurasa 80 linashuka, hakuna kusubiriwa. Bando lililobaki nalo linaisha na siku zake. Nimejiwekea alamu kwenye simu siku mbili kabla, na mwezi ambao kazi ni chache kama shule zikifungwa sinunui ya siku 30, nanunua ya wiki. Kwenye faiba ya Morogoro miezi ya likizo nilikuwa nalipa 120,000 ileile.