Kamisheni ya viatu vilivyorudi

Nauza viatu vya kike mtandaoni, nikiwa Dar es Salaam. Wateja wangu wengi huletwa na mawakala, wadada wanaobandika linki za duka kwenye kurasa zao. Kila mmoja ana linki yake, na mteja akinunua kupitia hiyo linki, wakala hupata asilimia 10 ya bei ya viatu, nauli ya mzigo haihesabiwi.

Mwanzoni nilikuwa nawatumia kamisheni kwa simu siku ileile mteja anapolipa. Niliona ndiyo heshima ya kazi yao. Shida ni kwamba viatu hurudi sana, maana 38 ya kiwanda kimoja ni 39 ya kingine. Nilikuwa namrudishia mteja hela yake yote, huku kamisheni imeshatoka na makato ya kuituma nimeshayalipa. Kumpigia mtu simu arudishe shilingi 6,000 aliyokwisha kununulia unga ni jambo gumu. Nilijaribu mara mbili, nikaacha.

Nilichobadilisha kwanza ni siku ya kulipa. Mteja wangu ana siku 7 za kurudisha, na siku hizo nazihesabu tangu apokee mzigo. Nikihesabu tangu alipolipa, mteja wa Mwanza anayesubiri mzigo wa basi anapunjwa, na mimi nalipa kamisheni mapema mno. Kwa hiyo kamisheni huandikwa "inasubiri" mteja anaponunua, huwa "imethibitishwa" siku 7 zikiisha, nami hulipa zilizothibitishwa tu, kila tarehe 5. Mawakala walinung'unika mwezi wa kwanza kwa sababu ya kusubiri, lakini tangu hapo sijampigia mtu kudai chochote.

La pili lilikuwa hesabu yenyewe. Mteja mmoja alinunua pea mbili, ya 60,000 na ya 45,000, kwa punguzo la asilimia 10, akalipa 94,500. Kamisheni ikawa 9,450. Akarudisha pea ya 45,000. Mimi nikakata asilimia 10 ya 45,000, yaani 4,500, na nikafuta ile 9,450 kwenye daftari nikaandika 4,950. Wakala akaniuliza, "Dada, mbona hela yangu imepungua bila maelezo?" Nilipokaa kumwonyesha, nikagundua nimemdhulumu. Pea ile haikuuzwa 45,000, iliuzwa 40,500 baada ya punguzo, kwa hiyo cha kukata kilikuwa 4,050 na alistahili kubaki na 5,400. Nilimwongezea 450 zake siku hiyohiyo.

Tangu hapo sifuti mstari. Mrejesho naandika kama mstari mpya wenye alama ya kutoa, ukiwa na namba ileile ya oda:

```
oda 214   mauzo     +9,450
oda 214   mrejesho  -4,050
```

Wakala anaona mwenyewe kilichoingia na kilichotoka. Ikitokea mrejesho umekuja baada ya malipo, mfano soli imeachia na nimekubali kupokea kiatu nje ya siku 7, ule mstari wa kutoa unapunguza malipo ya mwezi unaofuata. Salio likiwa chini ya sifuri, linasubiri mauzo mengine.

Kilichonisumbua zaidi ni mteja kubadilisha namba ya kiatu. Linki yangu inahesabika siku 14 tangu mteja aibonyeze, na akibonyeza ya wakala mwingine ndani ya siku hizo, wa mwisho ndiye anayepata. Mteja alibonyeza tarehe 2, akanunua tarehe 10, mzigo ukafika tarehe 13. Tarehe 18 akaomba apewe 39 badala ya 38. Mfumo wangu haujui kubadilisha, unajua kurudisha na kuuza upya. Ukafuta kamisheni ya oda ya kwanza, kisha ukaikataa ya pili kwa kuwa siku 16 zilikuwa zimepita. Wakala akanipigia: "Dada, mteja wangu hajarudisha kitu, amebadilisha namba tu." Alikuwa na haki kabisa.

Sasa oda ya kubadilisha naibandika mkononi jina la wakala wa oda ya kwanza. Zile siku 14 napima kwa ununuzi wa kwanza tu, lakini siku 7 za kurudisha zinaanza upya siku pea mpya inapopokelewa. Ile ya 39 ilifika tarehe 22, kamisheni ikathibitishwa tarehe 29, na tarehe 5 akalipwa.

Kuna mauzo ambayo linki haiyaoni kabisa. Mteja akiifungua ndani ya aplikesheni ya mtandao wa kijamii, kidakuzi, yaani alama inayokumbuka linki aliyobonyeza, kinabaki humohumo. Jioni akija dukani kwa kivinjari cha simu yake, anaonekana mgeni. Kwa hao nimempa kila wakala msimbo wake wa punguzo, na mteja akiuandika wakati wa kulipa, msimbo unaishinda linki yoyote.