Jinsi tulivyotetea wotafoli kwenye uchunguzi kifani wa chama cha wakulima wa kahawa

Kazi tuliyopewa chuoni hapa Kampala ilikuwa na kurasa chache za maelezo na swali moja mwishoni: mradi huu wa kutengeneza mfumo wa kompyuta uendeshwe kwa wotafoli, yaani hatua moja baada ya nyingine kwa mpango uliowekwa mwanzoni, au kwa ajaili, yaani kwa vipande vifupi huku mpango ukirekebishwa njiani? Chagueni njia moja na muitetee. Kikundi chetu kilikuwa na mwenzetu wa Bukoba, mwingine wa Goma, dada mmoja wa Busia na mimi, kwa hiyo mabishano yote yalikwenda kwa Kiswahili.

Kisa chenyewe kilihusu chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Mbale. Kina matawi manne na hesabu zake zimo kwenye madaftari. Bodi imeidhinisha bajeti isiyoongezeka, na malipo yatatolewa kwa awamu tatu, kila moja baada ya kazi iliyokubaliwa kukabidhiwa. Kanuni za mikopo zimo kwenye katiba ya chama, na ni mkutano mkuu wa mwaka pekee unaoweza kuzibadilisha. Meneja anaweza kukutana na watengenezaji mara moja kwa mwezi. Mfumo lazima uanze kazi kabla ya msimu wa mavuno. Wanachama wanataka kuona salio kwa simu, labda na kuomba mkopo, ila bodi haijui hasa watakachohitaji. Timu ya watengenezaji ina watu watano.

Mwenzetu wa Goma alitaka ajaili kwa sababu timu ni ndogo. Dada wa Busia alitaka wotafoli kwa sababu bajeti haiongezeki. Kila mmoja alikuwa ameshika jambo la kweli kutoka kwenye kisa, na hapo ndipo kazi za namna hii huwa ngumu: kisa kizuri hutungwa kiwe na ushahidi wa pande zote mbili. Ukihesabu alama za kila upande na kutangaza mshindi, hujatetea kitu, kwa sababu alama hazina uzito sawa.

Nilipendekeza tuache kwanza sifa za njia hizi, tupitie kisa sentensi kwa sentensi tukiuliza swali moja: ujuzi unaohitajika kujenga sehemu hii upo leo, au utapatikana tu baada ya watu kutumia kitu? Wotafoli inadai ujuzi upatikane mapema, maana mahitaji hukusanywa, yakatiwa saini, usanifu ukafuata, halafu uandishi wa programu, majaribio na makabidhiano. Ajaili imejengwa juu ya dhana kwamba ujuzi mwingi utakuja njiani, ndiyo maana kazi hukatwa vipande vifupi. Katika skramu, mojawapo ya njia za kufanya ajaili, kipande kimoja huitwa sprinti na hakizidi mwezi, na mwishoni wahusika huona kilichofanyika na kusema kinachofuata.

Tukaanza na mikopo. Kisa hakikutaja riba, basi tulichukua mfano wetu: mkopo wa Sh1,000,000 kwa miezi 10, riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Riba ikihesabiwa juu ya mkopo wa awali hadi mwisho, mwanachama analipa riba ya Sh200,000. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, akirejesha Sh100,000 ya mtaji kila mwezi, riba yote ni Sh110,000. Tofauti ya Sh90,000 kwa mkulima mmoja inatokana na sentensi moja ya katiba. Sentensi hiyo tayari imeandikwa, na timu haiwezi kuigundua upya kwa kuwaonyesha watu skrini, wala wanachama hawawezi kuibadilisha katikati ya mwaka. Kwa leja, mikopo na akiba, basi, ujuzi wote upo kabla ya kuanza. Kilichobaki ni kuusoma vizuri, kuuandika pamoja na mifano ya hesabu kama hii, na meneja na mhasibu kuutia saini.

Sehemu ya simu ilikuwa kinyume kabisa. Wakulima wengi watatumia menyu ya USSD, ile ya kupiga namba kama wanavyopiga `*165#` kwa pesa za simu, kwa hiyo haihitaji simu janja wala intaneti. Ujumbe mmoja wa USSD hubeba herufi zisizozidi 182. Ndani ya nafasi hiyo unatakiwa kuweka salio, mkopo, tarehe ya kulipa na chaguo la kurudi nyuma, kwa lugha ambayo mzee wa kijijini ataielewa. Hakuna mahojiano yatakayokuambia mapema kama mwanachama ataona chaguo la tatu au atakata kabla hajalifikia. Lazima aishike simu ajaribu.

Kwa hiyo kisa kimoja kilikuwa na sehemu mbili zenye tabia tofauti. Wanafunzi wengi wakifika hapa huandika kwamba watachanganya njia zote mbili, wakaishia hapo. Swali letu lilikataza hilo, na nadhani mhadhiri alifanya vema, kwa sababu mchanganyiko usioelezwa huficha uamuzi. Nani anatia saini nini, na lini? Malipo ya awamu ya pili yanatoka wakati gani? Mchanganyiko unaweza kutetewa, lakini kwa kujibu maswali hayo moja baada ya jingine.

Kilichotuamulia ni meneja. Ajaili inahitaji mtu wa upande wa mteja mwenye mamlaka ya kusema hiki kwanza, kile baadaye, na anayepatikana maswali yanapozuka. Kwenye skramu mtu huyo ana jukumu rasmi la kupanga orodha ya kazi kwa kufuata thamani yake. Meneja wa mara moja kwa mwezi anaweza kuhudhuria mwisho wa sprinti ya mwezi mzima, lakini katikati timu itabaki ikikisia, na makisio ya mwezi mzima yakikataliwa bajeti haina pa kuyafidia. Nyongeza yake ni mkataba, unaolipa kwa kazi iliyotajwa mapema. Timu ikibadilisha orodha kila mwezi, awamu ya pili italipwa kwa kipimo gani? Uzito wa mambo haya mawili ulizidi ule wa ukubwa wa timu. Watu watano wanaweza kufanya ajaili vizuri, naam, lakini watu watano wanaweza pia kufanya wotafoli. Udogo wa timu unaruhusu ajaili, hauilazimishi.

Tukachagua wotafoli. Bado ilibidi tuijibu sehemu ya simu, na jibu tulilipata kwa kusoma chanzo chenyewe badala ya muhtasari wa darasani. Mwaka 1970 Winston Royce aliandika makala kuhusu usimamizi wa mifumo mikubwa ya programu, na mchoro wake wa hatua zinazoshuka ndio hurejelewa kama asili ya wotafoli. Watu husahau kwamba neno hilo halimo kwenye makala yake, na kwamba alionya kuwa hatua hizo zikifuatwa hivyo tu ni hatari na hukaribisha kushindwa. Alipendekeza marekebisho, na mawili kati yake yalitufaa moja kwa moja: kumshirikisha mteja rasmi kabla ya makabidhiano ya mwisho, na kulijenga jambo jipya mara mbili, kwanza kama toleo dogo la majaribio.

Basi tuliandika kwamba ndani ya hatua ya mahitaji, kabla ya saini, timu itengeneze menyu ya majaribio ya USSD yenye salio na maombi ya mkopo tu, ikiwa na namba za kubuni. Wanachama wa tawi moja waijaribu. Timu iangalie wanapokwama na wanapokata, irekebishe, kisha menyu iliyokubalika iingie kwenye waraka wa mahitaji. Huduma nyingine za simu zisubiri mkataba mwingine. Huo ni uamuzi wenye gharama, na tuliutaja waziwazi: mwanachama anayetaka kulipa mkopo kwa simu hataweza msimu huu.

Tulitaja pia hatari kubwa zaidi ya njia tuliyoichagua, kwamba majaribio huja mwishoni na kasoro huonekana wakati muda umekwisha. Kwenye kisa hiki najua itakakojificha: kwenye madaftari. Matawi manne yameandika salio kwa mkono kwa miaka, na hesabu zikihamishwa zinaweza zisilingane. Kipimo chake ni rahisi. Jumla ya salio za akiba za wanachama wote wa tawi lazima iwe sawa na akaunti ya akiba ya tawi hilo kwenye leja kuu, na mikopo vivyo hivyo. Tukaweka kwenye ratiba kwamba tawi moja lihamishwe kwa majaribio wakati wa usanifu. Zisipolingana, mhasibu anakuwa na muda wa kutafuta kabla ya mavuno kuanza.

Ripoti yenyewe tuliipanga kwa aya ambazo kila moja ilianza na jambo kutoka kwenye kisa, ikaeleza linafanya nini kwa njia tuliyochagua, kisha lingefanya nini kwa njia tuliyoiacha. Aya ya bajeti, kwa mfano, iliandikwa hivi: "Bodi inalipa kwa awamu tatu kulingana na kazi zilizotajwa. Chini ya wotafoli, waraka wa mahitaji uliotiwa saini unakuwa kipimo cha awamu ya kwanza. Chini ya ajaili, orodha ya kazi ingebadilika, na bodi ingelazimika kujadili mkataba upya kabla ya kulipa." Kila aya tuliijaribu kwa kubadilisha jina la chama na kuweka la hospitali au la duka. Aya iliyoendelea kusomeka sawa tuliifuta. Ndivyo ulivyoondoka ukurasa mzima wa faida na hasara ulionakiliwa kutoka kwenye maelezo ya darasani.

Kuhusu ajaili tulijihadhari tusiidhulumu. Sentensi kama "ajaili haina nyaraka" humkasirisha msahihishaji, na kwa haki. Tamko la ajaili la mwaka 2001 linasema programu inayofanya kazi inathaminiwa zaidi ya nyaraka nyingi, huku likikiri kwamba nyaraka nazo zina thamani. Hoja yetu ilisimama kwa meneja na mkataba, haikuhitaji kuichafua njia nyingine.

Wakati wa kuwasilisha, mhadhiri alituuliza ni jambo gani kwenye kisa likibadilika lingetufanya tubadilishe uamuzi. Dada wa Busia alijibu: "Mwalimu, bodi ikimtoa karani mmoja mwenye mamlaka akae na timu kila wiki, na ikilipa kwa muda badala ya kwa kazi, tutahamia ajaili." Mhadhiri akauliza, moja tu kati ya hayo likitokea? Tulijibu kwamba karani peke yake hatoshi, kwa sababu maamuzi yake ya kila wiki yangegongana na orodha iliyofungwa kwenye mkataba. Malipo kwa muda bila karani ni mabaya zaidi, maana chama kingelipia wiki ambazo timu inasubiri jibu la meneja.